Intavyuu imeahirishwa dakika za mwisho na tarehe mpya hujapewa, ujibu nini?

"Habari, usaili wa leo umeahirishwa. Tutakujulisha. Asante." Meseji ya hivi ikiingia saa moja na nusu asubuhi wakati wewe umeshapiga pasi shati na uko kwenye daladala umesimama, hasira inapanda na hiyo ni haki yako kabisa. Ila sisi tunaokaa na watafuta kazi kila siku kwenye ushauri wa ajira hapa Dar tunaona kitu kimoja, kwamba watu wengi wanajibu "sawa, nasubiri" wakidhani ndo heshima, halafu wanakaa mwezi mzima wanaangalia simu. Jibu hilo halina ubaya wowote, tatizo ni kwamba halimwachii mwajiri kitu cha kukujibu, na wewe halikuachii sababu ya kumtafuta tena.

Kwanza tujue huyu aliyekuandikia ni nani. Mara nyingi ni afisa ajira au msaidizi wake, mtu wa kupeleka taarifa tu, maamuzi hana. Yeye kaambiwa asubuhi hiyohiyo kwamba meneja wa idara kaitwa kikao kingine, au jopo halijatimia, au mkurugenzi wa fedha kasema subirini kwanza bajeti ya hiyo nafasi, na hapo hana tarehe ya kukupa kwa sababu hata yeye hajapewa. Ndo maana ukimuuliza "ni lini sasa?" anarudia lilelile la tutakujulisha. Sio kwamba anakudharau (wapo wanaodharau, hatukatai), ila swali lenyewe hana majibu yake. Swali analoweza kulijibu ni lingine: je, usaili umesogezwa tu au mchakato wote umesimama? Hilo analijua, na analijibu kwa neno moja akiwa anatembea.

Tuchukue mfano. Binti anakaa Mbagala Rangi Tatu, ana kazi dukani Kariakoo, ameitwa kwenye usaili wa nafasi ya msaidizi wa hesabu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi ziko Kurasini, Alhamisi saa 4 asubuhi. Ameomba ruhusa kwa bosi wake kwa kisingizio cha hospitali. Saa 1 na dakika 40 meseji inaingia wasapu, imeahirishwa. Anachotaka kuandika kwa moto ule ni "mngesema jana basi, mimi nimepoteza siku yangu". Ni kweli tupu, lakini anayesoma ni yule msaidizi ambaye hajaahirisha yeye, na ndiye atakayepanga orodha ya kuwaita tena. Sisi tungemshauri aandike hivi, palepale wasapu alipoandikiwa:

"Habari za asubuhi dada. Nimepata taarifa kwamba usaili wa leo saa 4 asubuhi wa nafasi ya msaidizi wa hesabu umeahirishwa, asante kwa kunijulisha. Nafasi bado naihitaji. Naweza kufika Ijumaa ya wiki ijayo kabla ya saa 5 asubuhi, au Jumanne inayofuata kuanzia saa 9 alasiri. Naomba kujua kitu kimoja, usaili umesogezwa mbele tu au mchakato umesimama kwanza? Kama kutakuwa kimya nitakuulizia Alhamisi ijayo." Halafu jina lake kamili na namba ya simu.

Jina la nafasi limewekwa kwa sababu msaidizi yule huenda anaahirisha saili za nafasi tatu kwa asubuhi moja, usimfanye aanze kukutafuta kwenye faili. Vile vipindi viwili vimewekwa badala ya "niko tayari muda wowote" kwa sababu "muda wowote" inamrudishia yeye kazi ya kupanga, lakini ukimpa Ijumaa na Jumanne anaweza kuvitupia kwenye kikao chao hivyohivyo, na ukiwa na kazi kama huyu binti wa Kariakoo unakuwa umechagua wewe siku ambazo ruhusa inapatikana. Angalia pia kwamba siku ya kuulizia, Alhamisi, imewekwa kabla ya kipindi cha kwanza kufika. Ni siku tano za kazi toka meseji iingie, muda unaotosha mtu kukaa na bosi wake bila wewe kuonekana unamkaba, na kama Alhamisi haijajulikana kitu basi binti hana haja ya kuomba ruhusa ya Ijumaa bure.

Kuhusu saa, hapa Dar hili linaponza watu kweli. Afisa akiwa mgeni, au ukiandikiana naye kwa Kiingereza kwenye imeili, "saa 4" yako anaweza kuisoma ni alasiri. Andika saa 4 asubuhi (10:00) na usiogope kuonekana unafundisha. Tumeshaona watu wanakosa usaili uliopangwa upya baada ya kusubiri wiki mbili kwa sababu ya hili tu, mmoja kafika asubuhi mwenzake anamsubiri jioni.

Jibu lini? Siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa moja mbili, lakini sio ukiwa bado unatetemeka kwa hasira. Na jibu kwa njia ileile uliyopewa taarifa. Kama mwaliko ulikuja kwa imeili na kuahirisha kumekuja kwa meseji, jibu meseji kisha tuma maneno hayohayo kwenye imeili ile ya mwaliko, ili wakija kubadilisha afisa (na wanabadilishwa sana) yule mpya akute mazungumzo yote sehemu moja. Kupiga simu ni pale tu muda uliobaki ni mfupi na huna uhakika aliyekuandikia ni yeye. Kama meseji imetoka namba usiyoijua, piga namba ile ya kwanza iliyokuita, uliza umesikia hivi je ni kweli, basi.

Sasa kuna waliofika kabisa. Umeshashuka, uko mapokezi, umeandika jina kwenye kitabu cha mlinzi ndo unaambiwa usaili haupo. Hapa una nafasi ambayo wa nyumbani hana, itumie mara moja bila kusukuma. Mwambie wa mapokezi: "Mimi nimeshafika, kama kuna mtu wa rasilimali watu ana dakika tano naomba nimwachie nakala za vyeti na nijue utaratibu unaofuata." Wakati mwingine anatoka mtu kweli, anakusalimia, unaondoka anaijua sura yako. Akisema hapana, shukuru uondoke, na kwenye jibu lako la wasapu ongeza sentensi moja tu, "nilikuwa nimeshafika ofisini". Usitaje nauli wala foleni ya Mbagala. Hiyo sentensi peke yake inamtosha mwenye akili.

Wengi wanatuuliza kama unaweza kudai gharama. Kwa usaili wa kawaida tungesema usihangaike, kwa sababu kuitwa kwenye usaili sio mkataba wa kazi na hakuna ulichoahidiwa zaidi ya kusikilizwa. Tofauti ni kama kampuni yenyewe iliandika kwamba itarudisha nauli, labda umetoka Mwanza au Mbeya, hapo unayo maandishi, tuma tiketi na uulize kwa upole utaratibu wa malipo. Na kama umetoka mkoani ombi la maana zaidi ni kwamba usaili ujao, au angalau raundi ya kwanza, ufanyike kwa simu au zum, maana safari ya pili ikiahirishwa tena nani atakuokoa.

Alhamisi ya kuulizia ikifika na kuko kimya, andika mistari miwili juu ya meseji ileile, usianze mazungumzo mapya: "Habari dada, naulizia usaili wa msaidizi wa hesabu uliokuwa ufanyike Alhamisi iliyopita. Vipindi nilivyotaja bado viko wazi." Akijibu "bado tunasubiri kibali" au "meneja anarudi tarehe 15", hizo ni dalili nzuri, kuna kitu kinachosubiriwa na kina mwisho. Akisema "mchakato unapitiwa upya" bila zaidi, mara nyingi nafasi inabadilishwa au kuna mtu wa ndani anafikiriwa. Angalia na tangazo lenyewe, likitolewa upya likiwa na mwisho mpya wa kutuma maombi au sifa zimebadilika, uliza waziwazi kama unatakiwa kuomba upya, usidhani jina lako limebaki. Kimya tena? Ulizia mara ya pili baada ya wiki moja au mbili halafu iache, endelea na maombi mengine. Kuulizia mara ya tatu na ya nne hatujaona kukimpa mtu kazi, tumeona kukimfanya azuiwe wasapu.

Hii yote tunaongelea kampuni binafsi, mashirika na mawakala. Kwa ajira za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma mambo ni mengine, usaili ukisogezwa taarifa hutolewa kwa tangazo la wote na kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, hakuna wa kumpa vipindi vyako viwili. Huko kazi yako ni kuangalia akaunti na matangazo yao, sio kumtafuta mtu kwa simu.

Na hapo kwenye kimya ndo matapeli wanapoingilia, kwa hiyo sikiliza. Siku chache baada ya usaili kuahirishwa unapigiwa na mtu anajua jina lako na nafasi uliyoomba, anasema jina lako linaweza kuwekwa orodha mpya ukituma hela kidogo ya fomu au ya vipimo vya afya. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unaweka msingi kwamba wakala wa ajira hamtozi mtafuta kazi, na mwajiri wa kweli hapangi tarehe ya usaili kwa malipo ya simu. Usibishane naye. Peleka namba yake kwa afisa yule wa mwanzo, uliza "huyu ni wa kwenu?"

Mwisho ni ile simu ya ghafla, wiki tatu zimepita, "njoo kesho saa 3 asubuhi". Ukiweza, nenda. Usipoweza usikatae tu, sema hapohapo muda wa karibu unaoweza, "kesho saa 3 nipo kazini, naweza kesho hiyohiyo saa 11 jioni au keshokutwa asubuhi", halafu omba wakutumie kwa meseji siku, saa, jengo na ghorofa, na jioni ya kuamkia usaili tuma mstari mmoja wa kuhakikisha kwamba upo palepale, maana aliyeahirisha mara moja anaweza kuahirisha tena na bora ulijue ukiwa bado nyumbani.