Nyota na alama ya kuuliza: jinsi ya kumfundisha mwanafunzi kusoma akiwa na penseli

Mwambie mwanafunzi asome ukurasa mmoja na apigie mstari mambo muhimu. Baada ya dakika kumi utakuta karibu ukurasa wote una mistari. Wengi wetu humlaumu kwa kutofikiri, lakini kosa liko kwenye agizo letu. Tumemtaka achague lililo muhimu kabla hajajua habari inaelekea wapi, na anayesoma jambo kwa mara ya kwanza huona kila sentensi ina uzito.

Mwaka 2013 mwanasaikolojia John Dunlosky na wenzake walichapisha uchambuzi wa mbinu kumi za kujifunza zinazotumiwa sana na wanafunzi. Kupigia mistari na kupaka rangi maandishi kuliwekwa katika kundi la mbinu zenye manufaa madogo. Walimu wengine wakisikia hivyo huamua kuwa penseli haina kazi kwenye kitabu. Mimi silichukui hivyo. Mstari pekee hausaidii sana kwa sababu mkono unaweza kuuchora huku akili ikiwa kwingine. Inapobidi mwanafunzi aamue ni alama gani aweke, kisha aandike maneno yake pembeni, hawezi tena kupita kwenye aya bila kuielewa walau kidogo.

Mifumo ya alama ipo mingi. Mmoja unaojulikana sana ulipendekezwa na wataalamu wa ufundishaji wa kusoma, Vaughan na Estes, mwaka 1986, nao huwapa wasomaji alama tofauti kwa jambo walilokuwa wakilijua, jambo linalopingana na walichokuwa wakikiamini, jambo jipya, na jambo wasilolielewa. Ni mfumo mzuri kwa wanafunzi waliokomaa. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni alama mbili tu: nyota (*) kwa wazo kuu, na alama ya kuuliza (?) kwa swali. Mtoto anayebeba alama sita kichwani huishia kuikumbuka orodha ya alama na kuisahau habari. Alama nyingine ataongezewa baadaye, hizi mbili zikishaingia mkononi.

Kanuni zinazofuatana nazo ni mbili. Ya kwanza, hakuna alama isiyo na maneno. Kila nyota na kila alama ya kuuliza ipate maneno mawili hadi matano kwenye pambizo, kwa lugha ya mwanafunzi mwenyewe. Alama ya kuuliza iliyobaki peke yake ni fumbo: wiki ijayo mwenyewe hatakumbuka alikuwa akiuliza nini. Ya pili, nyota huwekwa baada ya aya kwisha. Swali linaweza kuandikwa pale pale linapozuka, lakini wazo kuu halijulikani mpaka aya nzima imesomwa. Ukiisisitiza kanuni hii ya pili tu, utaona wingi wa alama kurasani ukipungua.

Tuchukue aya moja tuifanyie kazi. Nimezipa sentensi namba ili tuweze kuzirejelea.

(1) Popo wengi huwinda wadudu usiku. (2) Hawategemei macho pekee. (3) Wakiruka, hutoa sauti nyembamba mno ambayo kwa kawaida sikio la binadamu haliisikii. (4) Sauti hiyo ikigonga mdudu, hurudi kama mwangwi. (5) Kwa kuusikiliza mwangwi huo, popo hujua mdudu yuko wapi na yuko umbali gani. (6) Hata hivyo, baadhi ya nondo wana masikio yanayoisikia sauti ya popo, na wakiisikia hujitupa chini ghafla.

Siku ya kwanza wanafunzi hawashiki penseli. Mwalimu anaiandika aya ubaoni, anaisoma kwa sauti, na anayasema waziwazi mawazo yanayompitia. Akifika sentensi ya 2 anasimama: “Hawategemei macho pekee. Sasa wanatumia nini kingine? Sijaambiwa bado.” Anaweka alama ya kuuliza na kuandika pembeni “wanatumia nini?” Kisha anaendelea. Akifika sentensi ya 5 anasema, “Kumbe ni mwangwi,” anarudi juu kwenye swali lake, analitia alama ya vema (✓) na kuandika “s. 5”, yaani jibu liko sentensi ya tano.

Kitendo hicho kidogo cha kurudi ndicho ninachokithamini kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa mara nyingi. Wanafunzi wengi hudhani swali ni dalili ya kushindwa, kwa hiyo hulificha au huliacha. Wakimwona mwalimu akiuliza, akisubiri, kisha akilifunga swali lake mwenyewe, wanaelewa kuwa maandishi mengi hujibu maswali yanayoyazusha, na kwamba kazi ya msomaji ni kulishikilia swali mpaka jibu lipatikane. Pia wanajifunza kutokimbilia kumuuliza mwalimu kabla ya kusoma sentensi tatu zinazofuata.

Sasa tuingie kwenye nyota. Waulize wanafunzi ni sentensi gani inayobeba aya hii, na wengi wataichagua ya 3, kwa sababu sauti isiyosikika inashangaza. Hapa ndipo somo zima lilipo. Jambo la kushangaza na wazo kuu si kitu kimoja, na kumwambia mtoto hivyo hakutoshi, anahitaji kipimo. Kipimo ninachokitumia ni kuifunika sentensi kwa mkono na kuisoma aya bila hiyo. Funika ya 1: tunapoteza mwanzo, lakini habari yenyewe bado inaonekana. Funika maelezo ya sikio la binadamu katika ya 3: hakuna kinachobomoka. Funika ya 5: popo anapiga kelele, kelele zinamrudia, na hatujui kwa nini anajisumbua. Nyota inakaa kwenye ya 5, na pembeni tunaandika “huwinda kwa mwangwi”. Maneno matatu, na aya nzima iko ndani yake.

Sentensi ya 6 huzaa swali la namna nyingine. Mwanafunzi makini anaweza kuandika: “nondo anasikiaje sauti nisiyoisikia mimi?” Atatafuta jibu kwenye aya asilipate, kwa kuwa halipo. Swali hilo libaki wazi bila alama ya vema, na mwisho wa kipindi mwalimu ayakusanye maswali ya aina hii ubaoni. Mengine atayajibu mwenyewe, kama hili: masikio ya viumbe hayalingani, na yapo yanayosikia sauti nyembamba zaidi kuliko yetu. Mengine yatakuwa kazi ya kutafuta kwenye vitabu vingine.

Siku ya pili darasa zima linaweka alama kwa pamoja kwenye aya mpya, mwalimu akiandika wanayoyasema na kuwadai sababu. Kuanzia siku ya tatu kila mmoja anafanya peke yake kwa aya mbili au tatu, kisha anakaa na mwenzake kulinganisha. Wawili hao wakitofautiana kuhusu nyota, wafunike sentensi na kubishana kwa kipimo kile kile. Mwalimu asiharakishe kutoa uamuzi, kwani kwenye ubishi huo wanalazimika kusoma tena, na safari hii wanasoma wakijua wanatafuta nini. Zipo pia aya ambazo nyota mbili tofauti zinaweza kutetewa, na ni vizuri wanafunzi walijue hilo.

Ukipita kati ya madawati, kurasa zenyewe zitakuambia mambo mengi. Ukiona nyota kwenye sentensi ya kwanza ya kila aya, huyo amejifunza ujanja: ameambiwa mahali fulani kuwa wazo kuu hukaa mwanzoni, naye anabahatisha. Mpe aya kama hii ya popo, ambayo wazo lake limekaa karibu na mwisho. Ukiona maneno ya pambizo yamenakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye sentensi, bado hajaelewa au haamini maneno yake mwenyewe. Mfungishe kitabu, akuambie kwa mdomo, kisha aandike alichosema. Na ukiona maswali yote ni ya maana ya neno, “mwangwi?”, “nondo?”, tatizo si la mwanafunzi. Maandishi yamemzidi kiwango, na hakuna alama itakayomsaidia mpaka yarahisishwe au msamiati ufundishwe kwanza.

Yupo pia anayejaza maswali ili kumfurahisha mwalimu. Huandika “kwa nini?” kwenye kila mstari. Usimkemee. Mwambie achague maswali mawili ambayo yeye kweli angependa kujua jibu lake, ayafute mengine. Mara nyingi hayo mawili yanakuwa mazuri.

Namna ya kuhakiki kama alama zimefanya kazi ni rahisi. Siku iliyofuata, funika maandishi kwa karatasi ubakize pambizo tu, na mwanafunzi aisimulie habari kutokana na maneno aliyoyaandika. Akiweza, alama zake zimebeba maana. Akikwama mahali, afunue hapo tu, asome, na kurekebisha maneno ya pambizo. Kwa zoezi hilo anajikumbusha habari kwa kuitoa kichwani, na njia ya kujipima namna hii iliwekwa katika kundi la juu kwenye uchambuzi ule ule wa mwaka 2013 ulioishusha mistari chini. Alama zisizorejelewa hubaki wino tu kwenye karatasi.

Mbinu hii ina mipaka yake. Mtoto ambaye bado anapambana kuunganisha silabi hana nafasi akilini ya kuamua alama. Mwache kwanza asome kwa wepesi, au msomee wewe naye aseme mahali pa kuweka nyota. Hadithi nazo hazikubali nyota kwa kila aya, kwa sababu hazijengwi kwa hoja. Kwenye hadithi weka nyota pale mhusika anapobadilika au anapofanya uamuzi, na alama ya kuuliza pale tendo lake linaposhangaza, kisha waache wasome kurasa nyingi bila kusimamishwa.

Kama vitabu ni vya shule na haviruhusiwi kuandikwa, mwanafunzi akunje karatasi kuwa ukanda mrefu, aushikize kando ya ukurasa, aandike namba ya ukurasa juu yake, na kuweka alama sambamba na mistari anayoisoma. Somo likiisha anaubandika ukanda kwenye daftari. Wenye daftari tu wachore safu tatu: namba ya aya, alama, maneno. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino katika hali zote, maana nyota ya kwanza huhamishwa mara nyingi, na mwanafunzi anayeogopa kuchafua ukurasa hataihamisha hata akijua amekosea.