Ya kusukuma, ya kujaza na ya kuzuia: dawa tatu za choo kutoka kopo la bibi

Swali: Shikamoo dada. Nimekutumia picha za dawa tatu nilizozikuta kwenye kopo la bibi huku Ujiji. Ipi ni ya kulainisha choo na ipi ya kuzuia kuharisha?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Picha ya kwanza inasomeka bila shida kwa sababu umepiga upande wa karatasi ya fedha: Bisacodyl 5 mg. Hii bisakodili ni ya kusukuma. Inachokoza mishipa ya fahamu kwenye ukuta wa utumbo mpana, utumbo unajikaza na kusogeza kilichomo. Mtu mzima humeza kidonge kimoja au viwili usiku, na choo huja baada ya saa 6 hadi 12, mara nyingi baada ya msokoto wa tumbo. Lile ganda la kung'aa limewekwa ili kidonge kipite tumboni bila kuyeyuka. Kwa hiyo hakitafunwi wala kupondwa, na hakimezwi na chai ya maziwa au karibu na dawa ya kiungulia. Acha angalau saa moja katikati, la sivyo ganda linalainika mapema na bibi ataumwa tumbo bure. Vidonge vya sena viko kundi hilohilo.

Ya pili ni ile pakiti ya unga iliyoandikwa Ispaghula husk 3.5 g. Hiyo ni ya kujaza. Ni maganda ya mbegu ambayo hayachokozi kitu. Yananyonya maji na kuvimba, choo kinakuwa kingi na laini, na wingi huo ndio unaouamsha utumbo. Usitegemee matokeo kesho asubuhi. Huchukua siku 2 hadi 3. Unakoroga kwenye glasi nzima ya maji na kunywa papo hapo, kwa sababu ikikaa dakika chache inaganda kama uji uliolala. Asiyekunywa maji ya kutosha inaweza kumkwama kooni au kumziba utumbo. Isinywewe mtu anapokwenda kulala.

Ya tatu imenisumbua. Duka limekata karatasi kwa mkasi, na kilichobaki ni herufi za mwisho tu: *amide Hydrochloride 2 mg*. Dawa ya kuzuia kutapika, Metoclopramide, nayo inaishia hivyohivyo, na kazi yake ni kinyume kabisa: inaharakisha tumbo. Kinachonielekeza kwenye Loperamide, ya kuzuia kuharisha, ni hiyo 2 mg, maana vidonge vya ile nyingine kwa kawaida ni 10 mg. Rangi ya kapsuli haisaidii, kila kiwanda kina yake. Ukiwa na kipande kingine chenye jina zima nitumie. Usipokuwa nacho, hiyo isimezwe na mtu yeyote kwa kukisia. Siku nyingine mwambie muuzaji akuandikie jina kwenye bahasha kabla hajakata.

Swali: Nimekipata kipande kingine, ni Loperamide kweli. Tatizo bibi alikaa kama siku nane bila choo, sasa tangu jana anaharisha majimaji kidogo kidogo, hadi kitandani. Asubuhi nimempa kapsuli mbili. Niendelee?

Jibu: Acha, na usimpe nyingine yoyote kati ya hizo tatu mpaka aonwe.

Nilikuuliza kwa simu anatumia dawa gani nyingine, ukasema tramadoli ya maumivu ya nyonga tangu alipoanguka. Hapo ndipo habari inapoanzia. Tramadoli, pamoja na kutuliza maumivu, inapunguza mwendo wa utumbo. Choo kinakaa muda mrefu, maji yake yananyonywa, na kwa mzee anayelala muda mwingi na kunywa maji kidogo kinageuka bonge gumu karibu na njia ya haja kubwa. Kinachofuata nyuma yake bado ni majimaji, na majimaji hayo hupenya pembeni ya bonge na kuvuja. Nyumbani kila mtu anaona kuharisha, kumbe bibi amefunga choo.

Dalili zinazolitofautisha na kuharisha kwa kawaida umezitaja mwenyewe. Lilitanguliwa na siku nyingi bila choo, yanatoka kidogo kidogo bila yeye kujua, na hakuna mwingine nyumbani anayeumwa ingawa mmekula dagaa na ugali wa sufuria moja. Mara nyingi tumbo la chini huwa limejaa na mtu anahisi haja isiyokwisha. Uhakika lakini unatoka kwa daktari au mganga wa kituo, anayepima kwa kidole chenye glovu.

Sasa zitazame dawa zako upya. Loperamaidi inashika palepale tramadoli inaposhika kwenye ukuta wa utumbo, kwa hiyo breki zimekuwa mbili. Ispagula itaongeza mzigo nyuma ya njia iliyozibwa, na ndiyo maana hata baadaye simshauri mtu aliye kwenye tramadoli kuitumia. Bisakodili itakamua utumbo dhidi ya kitu kisichosogea, na maumivu yake ni makali. Kituoni wataanza kwa kulainisha na kuliondoa bonge lenyewe, kwa dawa ya kupachika au ya maji inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Likishatoka, bisakodili au sena ya usiku inaweza kuwa na kazi kwa muda wote atakaokuwa kwenye tramadoli. Waulize.

Mpeleke leo. Akianza kutapika, tumbo likavimba na kukaza, au akaacha kabisa kutoa upepo, hiyo ni dharura. Msisubiri hata kupambazuke.

Swali: Kapsuli zilizobaki nizitupe? Au naweza kutumia mimi, au mwanangu wa miaka mitatu akiharisha?

Jibu: Wewe unaweza, kwa mipaka. Mtu mzima mwenye kuharisha maji kwa ghafla, bila homa wala damu, humeza kapsuli 2 mwanzoni, kisha 1 kila baada ya choo cha maji. Ukijitibu mwenyewe usipite 4 kwa siku, wala siku 2. Ukiona damu, kamasi au homa, usiiguse: wadudu na sumu yao wanabaki ndani, na utumbo unaweza kupooza na kutanuka kwa hatari. Vivyo hivyo kama kuharisha kumeanza ukiwa kwenye dozi ya antibayotiki. Kuzidisha sana dozi kunavuruga mapigo ya moyo hadi kuua, na anayetumia ketokonazo ya fangasi au ritonavir ya virusi vya UKIMWI aulize kwanza, kwani hizo zinaipandisha kwenye damu.

Sisi wa Kigoma tuna sababu nyingine. Mei 2015 kipindupindu kiliwapiga wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, na ugonjwa ule unaua kwa maji na chumvi kuutoka mwili. Loperamaidi inaweza kupunguza safari za chooni huku maji yakiendelea kujikusanya ndani ya utumbo, nawe ukadhani umepona. Choo kikiwa kingi, cheupe kama maji ya mchele, anza kunywa ORS na uende kituoni.

Mtoto, hapana. Utumbo wake unaweza kusimama kabisa, na dawa hii inaweza kumlaza usingizi na kumpunguzia pumzi. Mpe ORS iliyochanganywa kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, nusu kikombe hadi kikombe kizima kila baada ya choo cha maji. Akitapika subiri dakika 10, kisha endelea taratibu kwa kijiko. Ongeza zinki 20 mg mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.