Uwiano wa mkoa ni mzuri, mbona darasa limejaa?

"Tunaambiwa uwiano wa walimu na wanafunzi hauna shida. Mbona darasa la mwanangu hapa Arusha lina watoto karibu 90?"

Kwa sababu uwiano hauhesabu darasa. Unachukua wanafunzi wote na kuwagawanya kwa walimu wote, basi. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Shule yenye wanafunzi 450 na walimu 10 inafikia kiwango hicho sawasawa. Lakini ikiwa ina vyumba 5 tu vya kufundishia, kila chumba kina watoto 90, na walimu 5 wako ofisini wakisubiri kipindi. Kuongeza walimu hapo hakutapunguza msongamano hata kidogo. Kinachohitajika ni vyumba.

Wastani wa mkoa au wilaya unaficha zaidi. Chukua mfano wa kubuni wa shule mbili za mkoa mmoja. Moja iko kwenye miteremko ya Meru, ina wanafunzi 210 na walimu 14, yaani 15 kwa kila mwalimu. Nyingine iko tambarare za Longido, ina wanafunzi 800 na walimu 10, yaani 80 kwa kila mwalimu. Zijumlishe: wanafunzi 1,010 kwa walimu 24, sawa na 42. Kwenye ripoti, eneo hilo limefaulu. Ilhali karibu watoto 8 kati ya 10 wanasoma kwenye shule yenye 80, na hao ndio wanaonisikitisha, maana hesabu yenyewe inawafuta.

Takwimu za uandikishaji nazo zisomwe kwa uangalifu, hasa huku kwetu. Arusha na Moshi kuna shule nyingi za bweni za binafsi zinazopokea watoto kutoka mikoa mingine. Wanahesabiwa pale wanaposoma, lakini idadi ya watoto wa mkoa wanaolinganishwa nao inatokana na sensa, na wengi wa hao wa bweni makwao ni kwingine. Ukijumlisha na waliopita umri wa darasa lao, asilimia ya uandikishaji inaweza kuvuka 100 huku kijijini kuna watoto ambao hawajawahi kukanyaga shule.

Tena kuandikishwa si kuhudhuria. Ukame ukibana na mifugo ikahamishiwa mbali, mvulana wa Monduli anaweza kukosa shule kwa wiki nyingi, jina lake likiwa bado kwenye rejista. Mwalimu aliye masomoni au likizo ya uzazi naye huendelea kuwa kwenye orodha ya shule.

Kwa hiyo kwenye kikao cha wazazi, mwombe mwalimu mkuu mambo matatu: idadi ya wanafunzi kwa kila mkondo, vyumba vinavyotumika kweli, na daftari la mahudhurio ya wanafunzi na walimu la mwezi uliopita. Gawanya wanafunzi kwa vyumba kwanza, kisha kwa walimu waliokuwa kazini mwezi huo. Jibu la kwanza likiwa kubwa kuliko la pili, dai vyumba. La pili likiwa kubwa, dai walimu.