Mlisho wa kalenda: kwa nini chumba kimoja bado kinaweza kupata wageni wawili

Mlisho wa kalenda ni faili dogo la maandishi, lenye linki yake, linaloorodhesha tarehe ambazo chumba kimeshachukuliwa. Tovuti nyingi za kubuku vyumba hukupa linki ya kalenda yako, na hukuachia sehemu ya kubandika linki za tovuti nyingine. Linki ya tovuti ya kwanza unaibandika kwenye ya pili, ya pili unaibandika kwenye ya kwanza. Ukifanya upande mmoja tu, tovuti moja itabaki haijui kinachoendelea kwa mwenzake. Na kila chumba kiwe na linki yake.

Ndani ya faili, mistari mikuu ya ukaaji mmoja huwa hivi:

```
BEGIN:VEVENT
DTSTART;VALUE=DATE:20260710
DTEND;VALUE=DATE:20260713
SUMMARY:Reserved
END:VEVENT
```

`DTSTART` ni siku mgeni anapoingia. `DTEND` ni siku anapoondoka, na yenyewe haihesabiwi: hapa umefungwa usiku wa tarehe 10, 11 na 12 Julai, lakini tarehe 13 mgeni mwingine anaweza kuingia.

Linalowaponza wenye nyumba wengi ni hili: habari haitumwi, inafuatwa. Tovuti ya kwanza ikipata mgeni haiipigii hodi ya pili. Inaandika kwenye faili lake basi, na tovuti ya pili italisoma zamu yake ikifika, mara nyingi baada ya saa kadhaa.

Tuseme tovuti ya pili husoma kila baada ya saa tatu, na imesoma saa nne kamili asubuhi. Saa nne na dakika tano mgeni anachukua chumba kwenye tovuti ya kwanza. Saa tano mwingine anaingia ya pili, anakiona kiko wazi, anakichukua kwa tarehe zilezile. Saa saba mchana faili linasomwa tena, lakini wageni tayari ni wawili. Mlisho hufunga tarehe tu. Hauwezi kumwondoa mgeni aliyekwisha kubaliwa.

Pengo hilo haliondoki, linapunguzwa. Zuia buking za siku hiyohiyo, maana ndizo zisizokupa muda wa kurekebisha. Ukipata taarifa ya mgeni mpya, fungua tovuti nyingine uzifunge tarehe zake kwa mkono, au bonyeza kitufe cha kusoma upya kama kipo. Mwenye vyumba vingi kwenye tovuti nyingi ni heri atumie programu ya kusimamia vyumba iliyounganishwa moja kwa moja na tovuti hizo, kwani yenyewe hutuma mabadiliko papo hapo.

Kujua pengo lako ni refu kiasi gani, funga tarehe moja ya mbali kwenye tovuti ya kwanza, andika saa, kisha angalia inafungwa lini kwenye ya pili. Halafu ifungue. Ikibaki imefungwa hata baada ya muda uleule kupita mara mbili, huenda tovuti ya pili inairudishia ya kwanza tarehe iliyoipata kwake yenyewe. Hapo futa linki pande zote mbili uziunganishe upya.