Meseji inafuata laini, si simu

"Benki inanitumia namba ya uthibitisho kwa meseji, kwa hiyo hata mtu akiiba nywila yangu hawezi kuingia."

Anaweza. Tapeli akifanikiwa kuhamishia namba yako kwenye laini mpya, simu yako inakosa mtandao ghafla na meseji zinaingia kwake. Anabonyeza "nimesahau nywila" kwenye baruapepe yako, anapokea namba ya kuifungulia, kisha barua za benki anazisoma yeye.

Anza basi na baruapepe. Washa programu ya uthibitishaji, inayotengeneza namba mpya kila sekunde 30 bila kutegemea laini, halafu ondoa namba ya simu kwenye njia za kurejesha akaunti. Misimbo ya akiba, ile ya kuingilia ukipoteza simu, iandike kwenye karatasi; ukiipiga picha, huenda picha ikahifadhiwa kwenye akaunti ileile ambayo misimbo hiyo inapaswa kuifungua.