Mkalimani na Ukimya Tunaporekodi Simulizi za Wazee

Waandaaji wa filamu wanaofika Nachingwea, kusini mwa Tanzania, kurekodi kumbukumbu za Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, huja na kamera nzuri na maswali yaliyopangwa, lakini mara nyingi mkalimani hutafutwa asubuhi ileile, naye huwa mtoto wa nyumba hiyo au kiongozi wa kijiji. Uchaguzi huo huharibu kazi mapema, kwa kuwa mzee hawezi kueleza kwa uhuru jinsi alivyoondolewa shambani kwake mbele ya mwenye mamlaka, na mtoto naye hupunguza maneno anayoona yanamwaibisha mzazi wake. Ni heri kumpata mzungumzaji wa Kimwera, lugha ya wazee wa huko, kutoka kata nyingine, mwenye umri wa kuheshimika, na kukaa naye siku moja kabla.

Mzee humtazama yule anayemwelewa. Kwa hiyo mkalimani akae karibu kabisa na lenzi, ubavuni mwa mhoji, la sivyo uso wa mzee utaelekea pembeni muda wote. Apewe maikrofoni yake na chaneli yake, na asizungumze juu ya sauti ya mzee.

Tuchukulie bibi mmoja ameulizwa siku ya kuhama ilikuwaje. Anazungumza dakika nne, kisha mkalimani anasema, "Walibebwa na lori." Tofauti hiyo ya urefu ni dalili kwamba majina ya jirani, mihogo iliyoachwa ardhini na maneno aliyoambiwa na mabalozi wa nyumba kumi vimeachwa. Mhoji asimrudishe bibi nyuma. Aandike saa iliyo kwenye kamera na kuendelea, kwa sababu kiini kinatosha pale barazani, na tafsiri kamili, ya nafsi ya kwanza, itafanywa baadaye kwa kusikiliza rekodi, kisha ikaguliwe na mzungumzaji wa pili.

Baadaye bibi anamtaja mtoto aliyezikwa kwenye shamba la zamani, ananyamaza. Hapa ndipo kazi nyingi hupotea, maana mkalimani hudhani zamu yake imefika na mhoji huogopa ukimya, na sekunde kumi humwonekea ndefu mno. Wakubaliane mapema kwamba kiganja cha mhoji kikiwa juu ya goti, hakuna anayefungua kinywa, na kamera isizimwe. Bibi akitazama chini, midomo ikichezacheza, bado anapanga maneno; lakini akiinua macho kwa mhoji au kujitengeneza kanga, amemaliza au amechoka, naye aulizwe kwa upole, "Bibi, tupumzike kidogo?"

Ukimya unaweza pia kuwa kukataa. Kwa maoni yangu, bibi akigeuza mazungumzo, swali lile lisirudishwe kwa njia ya mkalimani, wala kipande hicho kisitumike kwenye filamu kabla ya kumsikilizisha na kumwomba idhini kwa lugha yake mwenyewe.