Saa janja ya kwanza: yanayosemwa dukani na yaliyo kweli

Msimu wa korosho unapofika na malipo ya minada yanapoanza kuingia, maduka ya simu ya Mtwara mjini, Masasi na Lindi huwauzia watu wengi saa janja au bangili ya mazoezi kwa mara ya kwanza. Maneno yanayosemwa juu ya kaunta wakati huo ni mengi, na baadhi yake humgharimu mnunuzi fedha, mengine afya. Ili tusizungumze hewani, tumchukue mnunuzi mmoja wa mfano: mwalimu wa Nachingwea mwenye simu ndogo ya Android Go yenye RAM ya GB 2, anayetaka kuhesabu hatua zake, kufuatilia mapigo ya moyo anapotembea jioni, na kuona ujumbe bila kutoa simu mfukoni. Mbele yake kuna saa ya Apple iliyotumika, Galaxy Watch4 iliyotumika, bangili mpya ya Xiaomi Smart Band 8, na saa moja isiyo na jina linalojulikana ambayo boksi lake limejaa ahadi.

Dhana: Mradi saa ina Bluetooth, itakubali simu yoyote

Ukweli ni kwamba Bluetooth ni njia tu ya kupitisha taarifa, na kinachoamua kama saa itafanya kazi ni programu inayopaswa kukaa ndani ya simu. Saa ya Apple haiwezi hata kuanzishwa bila iPhone, kwa hiyo kwa mwalimu wetu inaondoka mezani papo hapo, hata kama bei yake imeshushwa sana. Galaxy Watch4 ina habari ya kinyume: haifanyi kazi na iPhone kabisa, na kwa upande wa Android inadai simu yenye huduma za Google na RAM isiyopungua GB 1.5. Muuzaji atasema kwamba GB 2 za mwalimu zinatosha, na kwa hesabu hiyo peke yake ana haki. Hata hivyo saa hiyo inaendeshwa na Wear OS, mfumo wa Google wa saa janja, na Google inaeleza wazi kwamba Wear OS haitumiki na simu za Android Go. Android Go ni toleo lililopunguzwa kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ndogo, nazo ni nyingi kwetu. Mara nyingi utazitambua kwa kuwa zimekuja na programu kama Google Go au Gallery Go.

Jaribio la kuaminika halihitaji utaalamu. Kabla ya kutoa fedha, mwalimu afungue Google Play kwenye simu yake mwenyewe na kutafuta programu ya saa anayoitaka, yaani Galaxy Wearable kwa Galaxy Watch4 au Mi Fitness kwa bangili ya Xiaomi. Play ikionyesha kwamba kifaa chake hakioani na programu hiyo, mjadala umekwisha. Ikikubali kuipakua, aiunganishe saa hapo hapo dukani, kwa simu yake wala si kwa simu ya muuzaji. Kwenye Android 11 na matoleo ya nyuma, simu haiwezi kutafuta vifaa vya Bluetooth bila kupewa ruhusa ya mahali, na wengi huikataa ruhusa hiyo kwa tahadhari kisha wakadhani saa ni mbovu. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa ya peke yake ya vifaa vilivyo karibu.

Kuunganisha dukani kuna faida nyingine kubwa kwa vitu vilivyotumika. Saa na bangili nyingi hufungwa kwenye akaunti ya mwenye nayo wa kwanza, na asipoitoa kwenye akaunti yake, mnunuzi atabaki na kifaa kinachoonyesha saa lakini kinachokataa kuungana. Kwa kifaa cha mkono wa pili, hicho ndicho kipimo cha kwanza ningekidai.

Lipo pia tatizo linalojitokeza baada ya siku chache: ujumbe unachelewa au hauji kabisa mkononi. Simu nyingi za bei nafuu hufunga programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa chaji, na programu ya saa ni mojawapo ya zinazofungwa. Mwalimu aingie kwenye mipangilio ya betri, airuhusu programu hiyo ifanye kazi bila kuwekewa mipaka, na kama simu yake ina orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe, aiongeze humo.

Dhana: Betri yenye mAh nyingi ndiyo inayokaa na chaji

Galaxy Watch4 ya milimita 40 ina betri ya mAh 247, na Samsung inaahidi hadi saa 40. Xiaomi Smart Band 8 ina mAh 190 tu, na mtengenezaji anaahidi siku 16. Betri ndogo inadumu mara nyingi zaidi kwa sababu Galaxy Watch4 ina prosesa yenye nguvu, programu zake yenyewe na skrini kubwa, ilhali bangili inaendesha kazi chache kwenye kioo chembamba na hulala muda mwingi. Kulinganisha mAh za vifaa vya aina mbili tofauti hakumwambii mnunuzi chochote.

Siku 16 nazo si ahadi ya kila mtu. Zinapatikana katika matumizi ya kawaida yaliyopangwa na mtengenezaji, na Xiaomi yenyewe inasema kwamba ukiacha skrini iwake muda wote, Band 8 inashuka hadi siku 6. Kupima mapigo ya moyo mfululizo na kupima oksijeni usiku kucha kunapunguza zaidi. Kwa hiyo mnunuzi asome namba ndogo iliyoandikwa pembeni ya ile kubwa, kwa maana hiyo ndiyo iliyo karibu na maisha ya mtu anayewasha kila kitu.

Kwa mwalimu wa Nachingwea jambo hili lina uzito wa pekee. Saa inayodai chaji kila siku itachajiwa usiku, na usiku ndipo usingizi ungepimwa. Umeme ukikatika jioni, asubuhi anaamka na saa iliyozima. Bangili ya siku nyingi inaweza kuchajiwa Jumamosi wakati wa kufua nguo, hata kwa sola ya kawaida. Aangalie pia chaja yenyewe. Vifaa hivi hutumia vishikizo vya sumaku vyenye umbo la aina yake, na chaja ya toleo moja mara nyingi haiingii kwenye toleo jingine. Ikipotea, kupata nyingine huku kusini kunaweza kumaanisha kuagiza Dar es Salaam, kwa hiyo kuuliza kama duka lina ya akiba ni swali la maana kuliko rangi ya mkanda.

Dhana: Taa za kijani zikiwaka, mapigo yanayoonyeshwa ni sahihi

Taa zile hurusha mwanga wa kijani kwenye ngozi, damu hufyonza sehemu ya mwanga huo, na kihisi hupima kiasi kinachorudi. Kila moyo unaposukuma damu, kiasi hicho hubadilika kidogo, na programu hutafuta mdundo ndani ya mabadiliko hayo. Kazi yake ni kutafuta mdundo, na ndiyo maana saa nzuri kabisa inaweza kutoa namba ikifungwa kwenye kitu kisicho na uhai. Wapo wanaoifunga saa kwenye ndizi dukani na kutangaza kwamba ni feki kwa kuwa imesoma mapigo. Jaribio hilo halithibitishi chochote.

Jaribio linalofaa ni hili. Mwalimu akae dakika tano, aweke vidole viwili shingoni pembeni ya koromeo, ahesabu mapigo kwa sekunde 60, kisha atazame saa. Tuseme amehesabu 72 na saa inasema 74: hiyo ni tofauti ya kawaida. Halafu atembee kwa kasi dakika kumi, asimame, ahesabu mara moja kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Akipata 112 na saa ikabaki kwenye 80, kihisi hakifuatilii. Ikisema 160 ghafla wakati yeye hahemi sana, huenda imeshika mdundo wa mikono na hatua badala ya moyo, kosa linalotokea hasa mkanda ukiwa umelegea.

Ngozi nyeusi hufyonza zaidi mwanga wa kijani, kwa hiyo kihisi dhaifu hupata shida zaidi kwetu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2017, uliopima vifaa saba kwa watu 60, uliona makosa makubwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi zaidi, ingawa vifaa sita kati ya saba bado vilipima mapigo kwa kosa la chini ya asilimia 5. Mwalimu aivae bangili upana wa kidole juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, ikaze kiasi cha kutoteleza, na afute jasho. Utafiti huo huo uliona kwamba hakuna kifaa hata kimoja kilichopima vizuri kalori zilizotumika; kilicho bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Kalori za kwenye kioo zisitumiwe kuamua chakula.

Hatua nazo huhesabiwa kwa mwendo wa mkono. Anayesukuma baiskeli au kushikilia ndoo kichwani atahesabiwa pungufu, na mtetemo wa bodaboda unaweza kuongeza hatua ambazo hazikutembewa.

Dhana: Saa hii inapima presha na sukari

Hapa ndipo boksi lile lisilo na jina linapokuwa hatari. Mnamo Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari bila kutoboa ngozi. Mgonjwa anayechoma insulini kwa kufuata namba ya saa ya namna hiyo anaweza kuchoma dozi ya kumuangusha.

Presha inawezekana kwa kiasi, lakini kwa masharti. Saa za Samsung zenye kipengele hicho hudai zirekebishwe kwa mashine ya kawaida ya mkanda wa mkononi kila baada ya siku 28, na Huawei Watch D inapima kwa sababu mkanda wake una mfuko unaojaa hewa na kubana. Saa ya bei ndogo isiyobana mkono na isiyodai kulinganishwa na mashine yoyote inakisia tu. Kama mama wa mwalimu wetu ana presha, fedha za saa ya boksi hilo zielekezwe kwenye mashine ya mkanda wa mkono wa juu, vipimo viandikwe kwenye daftari la kliniki, na mwalimu mwenyewe achukue bangili kwa ajili ya hatua, mapigo na ujumbe.